Mito ina maji matamu, bahari imepata wapi chumvi yake?

Maji ya mto yana chumvi. Hilo ndilo la kwanza kulikubali, maana swali hili huwa gumu pale tu tunapodhani kwamba mto hauna chumvi hata chembe. Chota maji ya Mto Rufiji bara kabisa, mbali na mahali ambapo bahari hupanda wakati wa bamvua, uyachemshe kwenye sufuria safi mpaka yakauke. Chini utakuta utando mweupe. Utando huo ndio mzigo ambao mto ulikuwa unaupeleka baharini bila ulimi wako kuutambua.

Ulimi haukosei, ila una kikomo. Ukichukua wastani wa mito ya dunia nzima, lita moja ya maji imebeba miligramu kama 120 za madini yaliyoyeyuka. Katika hizo, sodiamu ni miligramu 6 hivi na kloridi ni 8 hivi. Hivyo viwili ndivyo vinavyounda chumvi tunayotia kwenye chakula, na kwa pamoja havifiki hata miligramu 15. Mtu wa kawaida huanza kuihisi sodiamu katika maji inapofika miligramu 200 hivi kwa lita. Mto uko mbali sana na kiwango hicho, kwa hiyo tunasema maji yake ni matamu na tuna haki kusema hivyo. Kilo moja ya maji ya bahari, kwa upande wake, ina gramu 35 za madini, yaani karibu mara 300 ya yale ya mto.

Madini ya mto yanatoka kwenye mawe. Mvua inapopita hewani huchukua hewa ya ukaa kidogo, na inapozama kwenye udongo hukuta hewa hiyo kwa wingi zaidi, kwa sababu mizizi na vijidudu vya ardhini vinapumua humo. Maji yaliyochanganyika na hewa ya ukaa huwa asidi dhaifu. Asidi hiyo haiwezi kukuunguza kidole, lakini ikipewa miaka maelfu inaweza kulimung'unya jiwe. Miamba ya volkeno na mawe magumu ya bara yanapoliwa hivyo, sehemu moja inabaki kuwa udongo wa mfinyanzi, na sehemu nyingine, yaani sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na silika, inaondoka na maji. Hewa ya ukaa yenyewe inageuka kuwa bikaboneti na kusafiri katika msafara huohuo. Yote haya yanafika baharini. Kisha jua linayachukua maji peke yake kama mvuke, madini yanabaki, na mvuke unarudi nchi kavu kuwa mvua ya kwenda kuchota tena.

Maelezo ya shuleni kwa kawaida huishia hapo. Ni ya kweli, lakini yanaeleza nusu tu ya jambo, na ile nusu ya pili ndiyo yenye mambo ya kushangaza zaidi.

Maziwa yetu yanatuonyesha nini

Hatuhitaji kwenda baharini kuiona kanuni hii ikifanya kazi. Afrika Mashariki ina maziwa yaliyopangika kana kwamba mtu aliyaweka makusudi kwa ajili ya somo hili.

Ziwa Viktoria linapoteza sehemu kubwa ya maji yake kwa jua. Ingekuwa kukauka kwa maji peke yake kunatosha kuleta chumvi, wavuvi wa Mwanza na Kisumu wangekuwa wanakunywa maji ya chumvi. Lakini pale Jinja ziwa lina mlango. Mto Naili unatoka na maji, na unatoka na madini yake pia, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo lita moja ya Viktoria ina madini machache, kiasi kinachokaribiana na cha mito.

Ziwa Tanganyika nalo lina mlango, Mto Lukuga unaotokea Kalemie kuelekea Mto Kongo, lakini ni mlango mwembamba. Katika karne ya 19 uliwahi hata kuzibwa na matope na majani kwa muda, ziwa likapanda mpaka likauzibua lenyewe. Karibu maji yote yanayoingia Tanganyika huondoka kama mvuke, na ni kidogo sana yanayotoka kwa Lukuga. Matokeo yake ni maji ya kunywa bado, lakini yenye madini kama nusu gramu kwa lita, mara kadhaa kuliko Viktoria.

Ziwa Turkana halina mlango wowote leo. Mto Omo, unaoshuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia ukiwa na maji matamu, ndio unaolijaza kwa sehemu kubwa sana, lakini ziwa lenyewe lina madini kama gramu 2.5 kwa lita. Watu wanaoishi kandokando yake wanayanywa pale wasipokuwa na mengine, na wanaijua ladha yake. Turkana haikuwa hivi siku zote. Zama ambazo mvua zilikuwa nyingi, ziwa lilijaa likamwagikia upande wa Naili, na lilikuwa la maji matamu. Miaka kama 5,000 iliyopita mvua zilipungua, maji yakashuka chini ya ukingo, mlango ukafungwa, na madini yakaanza kujikusanya.

Mwisho wa safu hii kuna Ziwa Natron, na jirani yake Magadi, ambako jua limeshinda kabisa. Natron inapata maji kutoka Mto Ewaso Ng'iro wa kusini na chemchemi za moto. Magadi inategemea zaidi chemchemi. Huko madini yameganda na kuwa ukoko mgumu mweupe na mwekundu, na kule Magadi yamechimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka 100.

Kwa hiyo utamu wa maji ya ziwa hauamuliwi na utamu wa mto unaoingia. Unaamuliwa na mlango wa kutokea. Bahari ni bonde la mwisho, hakuna bonde lingine chini yake la kuyapokea maji, na njia pekee ya maji kutoka ni kupanda juu kama mvuke. Hadi hapa bahari na Turkana ni ndugu.

Lakini lamba ukoko wa Magadi, kisha lamba chumvi ya Gongoni, kule kaskazini mwa Malindi ambako maji ya bahari yanaanikwa kwenye mabwawa. Ladha ni mbili tofauti. Ile ya Magadi ni magadi yenyewe, yale yanayotiwa kwenye kisamvu au maharage yaive haraka, na mkononi yanateleza kama sabuni. Ile ya Gongoni ni chumvi. Maji ya nchi kavu yanaingia kote kuwili, jua linakausha kote kuwili, na bado kilichobaki si kitu kimoja. Kwa maoni yangu hapa ndipo swali letu linapoanza hasa.

Hesabu inayokataa

Kabla ya kufika huko, tupige hesabu ya muda. Bahari zote kwa pamoja zina maji kama kilomita za ujazo bilioni 1.33. Mito yote inamimina kama kilomita za ujazo 37,000 kila mwaka. Kama bahari ingekuwa tupu, mito ingehitaji miaka kama 36,000 kuijaza. Na kwa kuwa bahari ina madini mara 300 ya mto, mito ingehitaji kuijaza na jua kuikausha mara 300 ili kufikia gramu 35. Hiyo ni miaka kama milioni 11.

Milioni 11 ni muda mrefu, lakini kwa umri wa bahari ni mfupi mno. Dunia ina miaka bilioni 4.5 na zaidi kidogo, na bahari zimekuwepo kwa karibu bilioni 4. Kama mito ingekuwa inaleta tu na hakuna kinachoondoka, bahari ingekuwa imepokea madini mamia ya mara kuliko iliyo nayo. Isingewezekana hata kuitwa bahari. Maji hayawezi kubeba chumvi bila kikomo: lita moja ikishapata kama gramu 360 inashiba, na chumvi nyingine inakaa chini kama mchanga. Tungekuwa tunatembea juu ya tambarare la chumvi kutoka Mombasa hadi Bombay.

Wapo waliojaribu hesabu hii kabla yetu. Mwaka 1715 Edmond Halley, mwanasayansi Mwingereza anayejulikana zaidi kwa nyota yenye mkia, alipendekeza kwamba umri wa dunia ungeweza kujulikana kwa kupima chumvi ya maziwa yasiyo na mlango, kisha kuipima tena baada ya karne kadhaa. Alisikitika kwamba Wagiriki na Warumi wa kale hawakuacha kipimo cha chumvi ya bahari ya zama zao. Mwaka 1899 John Joly wa Dublin aliichukua sodiamu peke yake, akagawanya ile iliyomo baharini kwa ile inayoletwa na mito kila mwaka, akapata kati ya miaka milioni 80 na 90. Alidhani amepata umri wa bahari.

Gawanyo lake lilikuwa sahihi. Alichopata kilikuwa na maana nyingine: ni muda ambao chembe ya sodiamu hukaa baharini, kwa wastani, kabla ya kutolewa. Sodiamu inaingia na inatoka, na vipimo viwili hivi vinakaribiana, ndiyo maana kiasi chake hakipandi daima. Joly hakuona mlango wa kutokea. Isitoshe, sehemu ya chumvi aliyoihesabia mito haikuwa mpya. Wimbi linapovunjika, matone madogo yanapeperushwa na upepo, yanakauka angani, na chumvi yake inaangukia nchi kavu pamoja na mvua. Anayeishi Tanga au Lamu anaijua vizuri, kwa sababu ndiyo inayokula mabati na nondo za nyumba yake. Chumvi hiyo inaingia mtoni na kurudi ilikotoka. Ukiihesabu kama mali mpya, umehesabu shilingi ileile mara mbili.

Mchanganyiko usiofanana

Sasa turudi kwenye magadi na chumvi. Tulinganishe lita ya mto wa wastani na lita ya bahari, kimoja baada ya kingine.

Sodiamu: miligramu 6 mtoni, gramu 10.8 baharini. Hiyo ni zaidi ya mara 1,700. Kloridi: miligramu 8 mtoni, gramu 19.4 baharini, zaidi ya mara 2,000. Kalsiamu: miligramu 15 mtoni, na baharini ni gramu 0.4 tu, yaani mara 27 hivi. Bikaboneti ndiyo inayoongoza mtoni, karibu nusu ya mzigo wote, miligramu 58. Baharini ni miligramu kama 140, hata mara tatu haifiki. Silika nayo ni miligramu 13 mtoni, na baharini ni pungufu ya hapo.

Kama bahari ingekuwa mto uliokaushwa, kila kitu kingeongezeka kwa kiwango kilekile. Badala yake kimoja kimeongezeka mara elfu mbili, kingine mara mbili, na kingine kimepungua. Kwa hiyo bahari haikusanyi tu. Inachambua.

Kinachotokea mto unapokaushwa kweli kinajulikana. Mwaka 1967 wanajiolojia Robert Garrels na Fred Mackenzie walichukua uchambuzi wa maji ya chemchemi za milima ya Sierra Nevada, Marekani, wakakokotoa yangekuwaje yakikauka hatua kwa hatua. Kwanza kalsiamu inashikana na bikaboneti na kuganda kama chokaa. Ni ule utando mgumu unaoshika ndani ya birika la chai. Kisha magnesiamu na silika zinakamatana na kuwa udongo. Kalsiamu na magnesiamu zikiisha, zinabaki sodiamu na ile bikaboneti iliyokosa mwenza, nazo hizo zikishikana ndiyo magadi. Walipata ziwa la magadi, hawakupata bahari. Na ndicho kinachotokea Natron, kwa sababu miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa ina sodiamu nyingi na kloridi chache.

Kinachoikosesha Natron ladha ya bahari, basi, ni kloridi. Na kinachotulazimisha kuuliza zaidi ni kwamba kloridi karibu haimo kwenye mawe ya kawaida. Sodiamu ni asilimia mbili hadi tatu ya miamba ya mabara. Klorini, ambayo ikiyeyuka majini ndiyo hiyo kloridi, ni sehemu ndogo sana, gramu mia na kitu katika tani nzima ya mwamba. Ukisaga na kuyeyusha mawe yote yanayohitajika kuipa bahari sodiamu yake, hutapata kloridi ya kuitosha hata kwa mbali.

Kloridi ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1951 Mmarekani William Rubey alikusanya orodha ya vitu vilivyomo kwa wingi baharini na angani ambavyo miamba haiwezi kuvieleza: maji yenyewe, hewa ya ukaa, nitrojeni, salfa na klorini. Vyote hivyo ni vitu ambavyo volkeno hutoa kama gesi. Dunia ilipokuwa changa na yenye joto kali, ilitoa mvuke na gesi hizo kwa wingi, na klorini ilitoka ikiwa imeshikana na hidrojeni. Gesi hiyo ikiingia majini inakuwa asidi kali, ileile iliyomo tumboni mwetu. Maji ya kwanza kabisa yaliyotulia juu ya dunia yalikuwa na asidi, yakaanza kuyala mawe kwa nguvu, na mawe yakatoa sodiamu kuituliza asidi hiyo.

Kwa hiyo chumvi ya bahari ina asili mbili. Sodiamu imetoka kwenye mawe, na kloridi imetoka tumboni mwa dunia kama moshi wa volkeno. Sehemu kubwa ya kloridi ilikuwamo tangu mapema, kabla mto wowote tunaoujua haujachimba njia yake. Anayesema kwamba mito ndiyo iliyoitia bahari chumvi yuko sahihi kuhusu sodiamu. Kuhusu kloridi, mito kwa kiasi kikubwa inarudisha tu ile ambayo iliwahi kuwa baharini.

Vitu vinavyotoka, na vinatokaje

Kalsiamu na bikaboneti ndizo zinazotoka haraka zaidi kati ya vitu vikubwa, na anayezitoa ni kiumbe hai. Konokono wa baharini, chaza, matumbawe, na vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoelea kwa mabilioni, wote wanachukua hivyo viwili na kujijengea magamba na mifupa ya chokaa. Wakifa, magamba yanazama na kuwa mwamba. Chembe ya kalsiamu inakaa baharini kwa miaka kama milioni moja hivi, kisha inafungwa kwenye jiwe.

Pwani yetu imejengwa kwa kalsiamu iliyotoka baharini kwa njia hii, na sisemi kwa mfano. Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe na kujengwa kwa mawe hayohayo. Kuta za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja ni matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe. Kalsiamu iliyomo kwenye kuta hizo ilikuja baharini ikiwa imeyeyuka, sehemu yake ikiletwa na mito, na ikakamatwa na viumbe kabla haijapata nafasi ya kurundikana majini. Hata moshi wa tanuu la chokaa una habari yake: jiwe la matumbawe likichomwa linaiachia hewa ya ukaa, hewa ileile ambayo mvua iliwahi kuichukua ili kulimung'unya jiwe bara.

Silika inaondoka kwa namna hiyohiyo. Mimea midogo ya baharini yenye magamba ya kioo huinyang'anyana juu ya maji mpaka inakaribia kwisha, ndiyo maana bahari ina silika chache kuliko mto unaoileta.

Magnesiamu ilisumbua wataalamu muda mrefu, kwa sababu hawakuona mlango wake. Mwaka 1977 watafiti walioshuka kwa chombo cha Alvin kwenye ufa wa chini ya bahari karibu na visiwa vya Galapagos waliona chemchemi za moto zikitoka sakafuni. Maji ya bahari yanazama kwenye nyufa za mwamba mchanga wa volkeno, yanapata moto kwa mamia ya nyuzi za Selsiasi, kisha yanapanda tena. Maji hayo yakipimwa, magnesiamu imekwisha karibu yote, imebaki ndani ya mwamba, na badala yake yametoka na kalsiamu. Mara nyingi husemwa kwamba chemchemi hizi ndizo zinazotia bahari chumvi. Kazi yao kubwa, kwa kadiri tunavyoielewa leo, ni kubadilishana: zinachukua hiki na kutoa kile. Potasiamu nayo hunaswa na udongo wa mfinyanzi na miamba ya sakafuni.

Hapo tumebaki na sodiamu na kloridi. Hakuna kiumbe anayejijengea nyumba kwa chumvi ya kawaida, kwa sababu ingeyeyuka. Hakuna udongo unaoishika kloridi kwa nguvu. Kwa hiyo hivi viwili vinakaa sana, makumi ya mamilioni ya miaka kwa sodiamu na zaidi ya hapo kwa kloridi, na kwa kukaa huko vikawa vingi kuliko vingine vyote. Bahari ina ladha ya chumvi, haina ladha ya chokaa wala magadi, kwa sababu chumvi ndiyo isiyopata wa kuichukua. Mto unaleta zaidi kalsiamu na bikaboneti, lakini hizo ni wageni wa muda mfupi.

Kukaa huku kwa muda mrefu kunaeleza jambo lingine ambalo mabaharia hawakulitarajia. Meli ya Kiingereza ya Challenger ilizunguka bahari za dunia kuanzia mwaka 1872 hadi 1876, na mkemia William Dittmar akachambua sampuli 77 za maji yake, matokeo yakatoka mwaka 1884. Maji ya mahali pamoja yalikuwa makali zaidi ya mahali pengine, lakini uwiano kati ya sodiamu, kloridi, magnesiamu na vingine vikubwa ulikuwa uleule kila mahali. Sababu ni kwamba bahari inajikoroga yote kwa miaka kama 1,000, na chembe ya kloridi inakaa humo mamilioni. Inazunguka dunia mara nyingi mno kabla ya kuondoka. Mvua kubwa mdomoni mwa Rufiji inayapunguza makali maji, na jua la Bahari ya Shamu linayafikisha gramu 40, lakini mapishi ni yaleyale.

Mlango wa chumvi yenyewe

Chumvi nayo ina mlango, ila unafunguka kwa nadra. Unahitaji kipande cha bahari kilichofungiwa mahali pakavu na pa joto, jua likikausha upesi kuliko maji yanavyoingia.

Wafanyakazi wa mabwawa ya chumvi wanaiona hali hiyo kila msimu, kwa udogo. Maji ya bahari yanaingizwa bwawa la kwanza na yanaachia chokaa kidogo. Yakipungua mpaka robo au moja ya tano yanaachia jasi, na mtengenezaji makini anayahamisha bwawa lingine jasi ikishaganda, maana jasi ikichanganyika na chumvi inaiharibu. Yakifika karibu moja ya kumi ya ujazo wa mwanzo, chumvi inaanza kuganda. Yanayobaki mwishoni ni maji machungu yenye magnesiamu nyingi, na hayo hurudishwa baharini, kwa sababu yakiachwa yakauke juu ya chumvi inakuwa chungu na inanyonya unyevu gunia zima.

Dunia imefanya hivyo kwa ukubwa ambao ni vigumu kuufikiri. Katika bonde la Danakil, Ethiopia, lililo zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, Bahari ya Shamu iliwahi kuingia na kukauka, ikaacha chumvi nene ambayo Waafar wanaikata kwa mashoka na kuisafirisha kwa ngamia. Kusini mwa Tanzania, katika bonde la Mandawa kati ya Kilwa na Lindi, visima vya kutafuta mafuta vilikuta tabaka nene za chumvi ardhini. Zimebaki tangu zama ambazo bara kubwa la kusini lilikuwa linapasuka, na maji ya bahari yaliingia kwa shida kwenye ufa mwembamba na kukauka humo. Chumvi hiyo imetoka baharini, na iko nje kwa zaidi ya miaka milioni 100.

Haitakaa nje milele. Ardhi ikiinuka na maji ya mvua yakaigusa, tabaka kama hilo linayeyuka upesi kuliko jiwe lolote na kurudi kupitia chemchemi na mito. Hii ni sehemu nyingine ya ile kloridi ya mitoni.

Kwa kuwa milango hii haifunguki kwa ratiba, mapishi ya bahari hayakuwa yaleyale zama zote. Tunalijua hilo kutokana na chumvi ya kale yenyewe. Punje ya chumvi inapoganda hufungia ndani yake matone madogo sana ya maji yaliyokuwa yakiizunguka, na matone hayo yanaweza kuchambuliwa leo. Yale ya zama za dinosaria za mwisho, miaka kama milioni 100 iliyopita, yana kalsiamu nyingi kuliko bahari ya sasa, na magnesiamu na salfeti chache. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sakafu ya bahari wakati huo ilikuwa ikipasuka na kutanuka kwa kasi, chemchemi za moto zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa ikinyonya magnesiamu na kutoa kalsiamu. Sodiamu na kloridi zilikuwa zinaongoza hata wakati huo, na maji ya bahari yalikuwa ya chumvi kama yalivyo leo.